Facebook: nafuta laiki, komenti na tagi za tangu 2010 kwa mkupuo, nimekwama 2013

Mwalimu wa Kihonda

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa mtu aliyewahi kufanya kazi hii mpaka mwisho.

Akaunti yangu ya Facebook niliifungua 2010 nikiwa chuo. Miaka ile tulikuwa tunalaiki kila kinachopita, tunabishana chini ya posti za watu mpaka usiku wa manane, na wauza viatu na mashuka walikuwa wakipandisha picha moja ya bidhaa wanatutagi wote. Sasa mimi ni mwalimu wa taaluma. Mwezi uliopita mwanafunzi wa kidato cha tatu alinifuata ofisini na simu ya dada yake akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Madam, huyu ni wewe?" Ilikuwa komenti yangu ya 2013 kwenye mabishano ya mpira, na maneno niliyoandika pale siwezi kuyasoma mbele ya darasa.

Akaunti siifuti. Ndugu zangu wengi wako humo, na kikundi cha waliosoma nami kiko humo. Nataka tu kufuta ya zamani. Nilianza kwa kutafuta posti moja moja, wiki nzima nikamaliza kama arobaini. Kisha mwenzangu ofisini akanionyesha `Activity log`, kwamba mambo yote yako sehemu moja na unaweza kuweka tiki na kufuta mengi pamoja. Nimeingia, nikachagua `Likes and reactions`, nikaweka tiki kwenye `All`, nikabonyeza `Remove`. Nikafurahi. Kesho yake nafungua, laiki zimejaa tele kama sijagusa kitu. Nimerudia mara nne. Nimefika wapi, sijui. Nakosea nini?

Kijana wa Tandika

Mwalimu, usijisumbue kufuta. Kwenye hiyo hiyo `Activity log` kuna sehemu ya kuficha kitu kisionekane kwenye profaili yako. Ficha tu, hakuna atakayeona. Na hata ukifuta ukajuta, vitu vinakaa kwenye pipa siku 30, unavirudisha. Mimi nimefanya hivyo na posti zangu zote za 2014 na niko salama.

Mama Nasra

Mwalimu pole. Mimi nauza vitenge, nina ukurasa wa biashara, na kuna watu wanakuja kukomenti matusi chini ya picha zangu. Hiyo `Activity log` nikiingia nitaziona komenti zao nizifute zote kwa pamoja? Nimetafuta sizioni.

Mzee wa Seva

Mwalimu, hujakosea sana. Hicho kisanduku cha `All` ndicho kinachowachanganya watu. Maana yake ni "zote zilizokwisha kupakiwa kwenye ukurasa huu kwa sasa". Orodha ile haiji yote kwa pamoja. Inakuja vipande vipande kadiri unavyoshuka. Ukifungua na kuweka tiki hapo hapo bila kushuka, umechagua mistari michache ya juu, na hiyo ndiyo iliyofutika. Na kwa kuwa orodha inaanza na mapya, ulichofuta mara zote nne ni laiki za majuzi. Za 2013 hujazigusa bado.

Fanya hivi. Tumia kompyuta ukiweza, maana kioo kikubwa kinakuonyesha unachofuta. Bonyeza picha yako pembeni juu kulia, ingia `Settings & privacy`, kisha `Activity log`. Kwenye simu ni profaili yako, vitone vitatu, halafu `Activity log`. Majina ya vipengele hubadilika kidogo kati ya simu na kompyuta, lakini utakuta komenti, laiki na tagi kila moja na mlango wake. Ukishaingia kwenye komenti, usiguse tiki yoyote kwanza. Tafuta kichujio cha tarehe, chagua mwaka 2013, na mwezi mmoja. Hapo orodha inakuwa fupi, unashuka mpaka chini kabisa hadi isiongezeke tena, ndipo unaweka tiki kwenye `All`, unapita kwa macho kutoa tiki kwenye unazotaka zibaki, unafuta. Baki hapo mpaka mistari ipotee. Kisha pakia ukurasa upya uangalie mwezi ule ule. Ukiwa mtupu, nenda mwezi unaofuata.

Kijana wa Tandika, umesema kweli nusu, na ile nusu nyingine itamponza mwalimu. Pipa la siku 30 ni la posti zako mwenyewe. Komenti haina pipa. Ukiifuta imekwenda, na majibu yote ambayo watu waliandika chini yake yanakwenda nayo. Laiki nayo ukiiondoa imeondoka, ingawa hiyo unaweza kulaiki tena posti ikiwepo. Na kuficha kwenye profaili kunafanya kitu kimoja tu: hakionekani ukurasani kwako. Picha uliyotagiwa bado iko kwa aliyeipandisha, ina jina lako, na anayetafuta ataikuta. Komenti uliyoandika kwa mtu haijawahi kukaa profaili yako, kwa hiyo hata kuificha huwezi.

Mama Nasra, `Activity log` ni kumbukumbu ya uliyoyafanya wewe. Matusi ya watu wengine hayapo humo. Hayo unayafuta kwenye ukurasa wako chini ya picha yenyewe, na kwenye mipangilio ya ukurasa kuna mahali pa kuandika maneno yanayozuiwa ili komenti yenye neno hilo ifichwe yenyewe. Anzisha uzi wako tukusaidie huko.

Mama Nasra

Ahsante baba, nimeelewa. Naenda kuandika hayo maneno, ninayo mengi.

Mwalimu wa Kihonda

Mzee wa Seva, Mungu akubariki. Kumbe nilikuwa nafuta laiki za wiki hii! Ndiyo maana dada yangu alinipigia akaniuliza kwa nini nimeondoa pendo kwenye picha ya mtoto wake.

Nimejaribu Januari 2013 kama ulivyoelekeza. Komenti zilikuwa 61. Nimefuta 58 na zimeondoka kweli, nimepakia upya mara mbili. Swali: ninaweza kufanya mwaka mzima kwa pamoja? Miezi kumi na miwili kwa miaka saba, komenti, laiki na tagi, naona ni safari ndefu.

Mzee wa Seva

Unaweza kuchagua mwaka mzima, lakini orodha ikifika mamia, kivinjari kinalemewa, na ukibonyeza mara moja kwa rundo kubwa, mengine yanafutika na mengine yanabaki bila kukuambia. Kubwa zaidi ni kasi. Mfumo wao unaangalia mtu anayefanya jambo lile lile mara nyingi kwa muda mfupi, hauwezi kujua kama ni mwalimu wa Morogoro anasafisha nyumba au ni mashine. Ukizidisha utaona `You're Temporarily Blocked`. Hapo ni kuacha. Kila ukijaribu kulazimisha unaonekana zaidi kama mashine. Pumzika, rudi kesho au keshokutwa. Mimi nilikuwa nafanya mafungu ya kama 50, nanyanyuka kunywa chai, narudi. Idadi hiyo si sheria ya mtu yeyote, ni iliyonifaa mimi.

Na kabla hujapanga safari ya miezi 84, jiulize kipi kinaonekana. Hakuna mtu anayeweza kufungua orodha ya laiki zako zote. `Activity log` unaiona wewe peke yako. Mtu akitaka kujua ulilaiki nini 2012, lazima aifikie posti yenyewe, abonyeze pale kwenye idadi, aanze kupekua majina. Komenti ni tofauti, inasimama pale na jina lako, picha yako ya sasa na maneno yako, kila anayefungua posti anaisoma. Tagi ni kali zaidi, kwa sababu kwa kawaida ukitagiwa, rafiki zako nao wanaonyeshwa hiyo picha. Kwa hiyo mimi ningeanza na picha ulizotagiwa, nikafuata komenti, laiki ningeziacha mwisho kabisa, na pengine nisizimalize.

Chalii wa Sakina

Mwalimu kuna njia ya mkato. Kuna nyongeza za kivinjari unaweka, unaingia `Activity log`, unabonyeza kitufe kimoja inafuta yenyewe usiku kucha, asubuhi unaamka kusafi. Kuna nyingine ni skripti tu, unabonyeza `F12` unabandika. Mimi nilitumia moja mwaka juzi ikafuta laiki kama elfu mbili.

Ila niseme ukweli wote, siku tatu baadaye akaunti yangu ikaanza kutagi watu kwenye matangazo ya miwani ya jua. Nikabadili nywila, ikatulia. Sijui kama vinahusiana.

Mzee wa Seva

Chalii, inaelekea vinahusiana. Nyongeza ya aina hiyo ikiwekwa inaomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha data zako kwenye tovuti. Bila ruhusa hiyo haiwezi kubonyeza kwa niaba yako, na ikiwa nayo inaweza kubonyeza chochote, hata kutagi. Umebadili nywila, vizuri, lakini je, nyongeza yenyewe uliitoa? Ingia `chrome://extensions` uangalie. Halafu kwenye Facebook angalia orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti, utoe usivyovijua.

Na hilo la `F12`: ukilifungua ukiwa Facebook, wenyewe wameandika pale kwa herufi kubwa nyekundu `Stop!`. Wameliandika kwa sababu watu wengi wamepoteza akaunti kwa kubandika maneno wasiyoyasoma. Mwalimu asifanye hivyo.

Chalii wa Sakina

Dah. Nimeangalia, bado ipo. Naitoa sasa hivi. Shukrani mzee.

Nyali Kwetu

Hamjambo nyote. Nami niko Mombasa, shida yangu ni hiyo hiyo ila ni Instagram. Naona huko ni rahisi zaidi, wenzangu mkitaka. Unakwenda profaili, vistari vitatu, `Your activity`. Ndani mna `Likes`, `Comments` na `Tags`. Unabonyeza kichujio, unachagua `Oldest to newest` uanze na za kale kabisa, au waweka tarehe ya mwanzo na ya mwisho. Kisha `Select`, wagusa unazotaka, chini wapata `Unlike` kwa laiki, na kwa komenti kufuta. Nilianza Jumatatu, Ijumaa nilikuwa nimemaliza 2016 na 2017. Ijumaa hiyo nikapewa `Try again later`, nikaacha siku mbili, ikarudi.

Lakini nina swali kwa Mzee wa Seva. Nimeondoa tagi yangu kwenye picha ya harusi ya jirani, na picha bado iko. Nilidhani itatoweka.

Mzee wa Seva

Picha ni yake, Nyali. Kuondoa tagi ni kukata kamba iliyounganisha jina lako na picha, picha yenyewe inabaki mahali pake. Akiwa ameandika jina lako kwa herufi za kawaida kwenye maelezo, hilo nalo linabaki. Ukitaka picha itoke, ni kumwomba kwa heshima, au kuiripoti kama inakudhalilisha. Facebook ni hivyo hivyo.

Mwalimu wa Kihonda

Narudi na taarifa. Ni siku ya tisa leo.

Nilifuata ushauri, nikaanza na tagi. Kwenye `Activity log` nikaingia `Activity you're tagged in`, nikachagua picha, nikaenda 2012. Wakuu, mwaka ule peke yake nilikuwa nimetagiwa kwenye picha 214, na nilipozipitia, picha zenye uso wangu zilikuwa 19. Nyingine zote ni viatu, mikoba, magodoro, mialiko ya tamasha, na salamu za sikukuu zenye maua. Picha moja inaruhusu tagi hamsini, na wale wauzaji walikuwa wanazijaza zote. Niliweka tiki kwenye bidhaa zote, nikaacha zile 19, nikabonyeza kuondoa tagi. Mafungu matano, jioni moja, imekwisha. 2013 na 2014 zikafuata. Baada ya hapo nikaenda kwenye mipangilio ya profaili na tagi, nikawasha ile ya kunitaka nikague posti niliyotagiwa kabla haijatokea ukurasani kwangu.

Komenti ndiko nilikoshindwa kwenda haraka. Nilikuwa na rafiki tuliyesoma naye, alifariki 2015. Nilipofungua Agosti 2013 nikakuta komenti yangu moja ya kipuuzi kabisa kuhusu chakula cha bweni, na chini yake yeye amenijibu mara kumi na moja, tunacheka. Nilikuwa nimeshaweka tiki kwenye `All`. Nikakumbuka maneno ya Mzee kwamba majibu yanakwenda na komenti. Mkono uliniganda. Niliitoa tiki nikafunga kompyuta siku hiyo.

Nimewaza kupakua nakala ya data zangu zote kwanza, ndipo nifute. Hiyo nakala itakuwa na maneno yake?

Mzee wa Seva

Pole sana mwalimu. Mungu ampumzishe.

Hapana, haitakuwa nayo, na nafurahi umeuliza kabla. Ukienda `Download your information` ukachagua muundo wa `HTML`, utapata folda, na ndani yake faili la komenti zako. Utakuta tarehe, na mstari unaosema ulikomenti posti ya fulani, na maneno uliyoandika wewe. Alichojibu yeye ni data yake, hakimo. Posti yenyewe ya mtu mwingine haimo pia. Utabaki na nusu ya mazungumzo.

Kwa mazungumzo kama hayo piga skrinishoti, ukifungua majibu yote kwanza yasiwe yamejikunja, na tarehe ionekane. Na ikiwa komenti yenyewe haina ubaya, mimi ningeiacha hapo hapo ilipo.

Nakala ya data bado ipakue, ina faida yake kwa kazi hii. Ukifungua lile faili la komenti kwenye kivinjari, unabonyeza `Ctrl+F` unatafuta neno. Yale maneno unayoyaona aibu unayajua mwenyewe. Yatafute humo, upate tarehe zake, kisha urudi `Activity log` moja kwa moja kwenye mwezi huo. Inakuokoa kupita miezi mitupu.

Kijana wa Tandika

Hili la `Ctrl+F` limenifungua macho. Na nakubali nilikosea kuhusu pipa, nimejaribu leo na komenti moja, haikuja kwenye pipa.

Lakini bado sikubaliani na Mzee kuhusu laiki. Mimi nilipoondoa laiki za kurasa za kubeti, matangazo ya kubeti yalipungua. Kwa hiyo laiki zina maana hata kama watu hawazioni.

Mzee wa Seva

Hizo ulizoondoa ni laiki za kurasa, na ziko orodha nyingine kabisa. Ukiingia `Likes and reactions` utakuta za posti, picha na komenti za watu. Kurasa ulizozipenda zina mahali pake, na profaili yako inaweza kuwaonyesha watu wengine orodha hiyo. Mwalimu, hilo kweli lipitie, dakika kumi zinatosha, maana kurasa za 2011 nyingi zimebadilishwa jina na zinauza mambo usiyoyajua.

Kuhusu matangazo, sina hakika kama ni hizo laiki au ni kwa sababu uliacha kubonyeza matangazo yenyewe. Ulifanya yote mawili kwa pamoja?

Kijana wa Tandika

Ndiyo, niliacha kubeti mwezi ule ule. Lakini mimi naamini ni laiki.

Nyali Kwetu

Mimi nimeondoa laiki elfu na zaidi na matangazo ni yale yale ya sabuni. Labda kila mtu na yake.

Mwalimu wa Kihonda

Nimepakua nakala. Ilichukua kama saa tatu wakaniletea taarifa iko tayari, na kiungo chake kinadumu siku chache tu, kwa hiyo msiombe halafu mkaenda safari. Nimetafuta maneno sita. Matano yamenipeleka kwenye miezi minne tu: Februari, Machi na Oktoba 2013, na Mei 2014. Yote ni mpira na siasa za chuo. Nimezifuta komenti 37, nikafungua posti tatu kwa akaunti ya mdogo wangu kuhakikisha, hazipo. Ile aliyoiona mwanafunzi imeondoka pia.

Zile za rafiki yangu nimezipiga skrinishoti na nimeziacha. Za pole nilizoandika kwenye misiba ya watu nazo nimeacha zote, sikuona haki kuzitoa kwenye kurasa za wafiwa.

Imebaki mistari miwili ya 2011. Ninaweka tiki, nabonyeza, inapotea, nikipakia upya imerudi. Nikigonga niione posti yenyewe inasema haipatikani. Nimejaribu kwa simu na kwa kompyuta, moja moja, siku tatu tofauti.

Mzee wa Seva

Inaelekea mwenye posti alifunga akaunti au aliifuta posti. Komenti imebaki kwenye kumbukumbu yako lakini mahali ilipokuwa hapafikiki. Kama hapafikiki kwako, hapafikiki kwa mwanafunzi pia. Shida itakuja tu kama alifunga kwa muda na siku moja akarudi, hapo inaweza kuonekana tena. Unamkumbuka ni nani?

Mwalimu wa Kihonda

Mmoja namkumbuka, tulikuwa wote kikundi cha kujisomea. Nitamtafuta kwa simu. Wa pili jina linaonekana kama mtumiaji wa Facebook tu, bila picha, na komenti yangu pale ni neno moja: "Kweli."

Mama Nasra

Mwalimu, na mimi nimejiangalia kwenye tagi. Nimekuta picha ya vitenge vyangu nimewatagi watu hamsini, 2014. Naanzaje kuwatoa wote bila kuifuta picha?

Mzee wa Seva

Fungua picha yenyewe, ingia kwenye kuhariri, utayaona majina. Wewe ndiye uliyepandisha, unaweza kumtoa mmoja mmoja. Kuwatoa wote kwa mkupuo mimi sijaona kitufe chake. Aliyekiona atuambie.